Fomu ya Ukurasa Mmoja ya Kumpima Mfanyakazi wa Duka Dogo

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mwenye wafanyakazi saba hana ofisa rasilimali watu. Ana mtu wa kaunta, mshika fedha, mtunza stoo, dereva wa kirikuu, wapakiaji wawili na mlinzi wa usiku. Siku anapoamua kuwapima wafanyakazi wake kwa maandishi, mara nyingi huomba fomu kwa ndugu anayefanya kazi benki au serikalini. Fomu inakuja na kurasa tano au sita. Inauliza habari za uongozi, ubunifu, mawasiliano, uaminifu, moyo wa kujituma na ushirikiano, na kila kimoja kinataka alama ya 1 hadi 5. Jioni moja bosi anakaa nayo, na kwa kuwa hana cha kuandika juu ya ubunifu wa mlinzi, anampa 3. Mpakiaji anapata 3 kila mahali. Mtunza stoo, ambaye bosi alikwaruzana naye juzi, anapata 2 kila mahali. Karatasi zinawekwa kwenye droo, na kazi inaendelea kama jana.

Kosa halipo kwa bosi peke yake. Fomu hiyo imemuuliza maswali ambayo hakuna mtu angeweza kuyajibu kwa haki. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichunguza jinsi maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari wao katika mambo kama umbo, akili, uongozi na tabia. Aliona kuwa alama hizo zilifuatana mno. Ofisa aliyempenda askari kwa jambo moja alimpa alama za juu kwenye yote, hata kwenye mambo yasiyohusiana. Ukimuuliza mtu "huyu ni mwaminifu kiasi gani", hatatoa hesabu ya kitu alichokiona. Atakuambia jinsi anavyojisikia juu ya mtu huyo kwa ujumla, kisha hisia hiyo hiyo ataigawa kwenye vipengele kumi.

Kwa hiyo fomu ya duka dogo ianze kwenye kazi yenyewe, na kila mstari wake uulize kitu ambacho mtu mwingine akisimama pale pale naye angekiona. Kwa kuwa kazi zinatofautiana, huwezi kuwa na fomu moja ya watu wote saba. Juu na chini ya karatasi panaweza kufanana, lakini katikati kila kazi ina mistari yake. Nitamchukua mtunza stoo, maana kazi yake ndiyo inayobishaniwa zaidi madukani, na pia ndiyo inayopimwa vibaya zaidi.

Chukua karatasi ya A4. Juu kabisa weka jina, kazi, kipindi kinachopimwa, mfano Januari hadi Juni, na jina la anayepima. Hayo yasizidi mistari miwili. Katikati chora jedwali la safu tatu. Safu ya kwanza inaeleza kazi na kiwango kinachotakiwa, kwa sentensi moja au mbili. Safu ya pili, ambayo iwe pana kuliko zote, ni ya kilichoonekana pamoja na tarehe. Safu ya tatu ni nyembamba, na ndani yake kuna neno moja kati ya matatu: hajafikia, amefikia, amevuka.

Kwa nini maneno matatu, na si alama tano? Kwenye alama tano mpimaji hukimbilia katikati, halafu mnabishana juu ya tofauti ya 3 na 4 ambayo hakuna aliyeieleza popote. Kiwango kikishaandikwa, swali linabaki moja tu: kilifikiwa au hakikufikiwa? Neno la tatu linawekwa kwa ajili ya mtu aliyefanya zaidi ya alichoagizwa, ili jambo hilo lisipotee.

Mistari iwe mitano, ikizidi sita. Ukiandika kumi utajikuta unaijaza kwa kubahatisha. Wala usiibuni peke yako ukiwa nyumbani. Kaa na mtunza stoo mwenyewe, umwombe akusimulie wiki yake kuanzia Jumatatu asubuhi, kisha mchague yale ambayo yakiharibika duka linaumia. Kwa stoo ya vifaa vya ujenzi yatatoka haya. Kupokea mzigo: kila mzigo uhesabiwe kabla gari halijaondoka, na upungufu au uharibifu uandikwe kwenye hati ya msambazaji kabla ya kusaini. Kutoa mzigo: kisitoke kitu stoo bila risiti kutoka kaunta. Kutunza: saruji ikae juu ya chaga, isiguse ukuta, isirundikwe zaidi ya mifuko kumi kwenda juu, na iliyoingia kwanza itoke kwanza. Kuhesabu: kila Jumamosi jioni stoo ilinganishwe na leja, na tofauti yoyote itolewe taarifa siku hiyo hiyo. Hesabu isirukwe zaidi ya mara moja katika nusu mwaka bila sababu. Na wa tano ni kutoa taarifa bidhaa zinapokaribia kuisha.

Tazama tena mstari wa kuhesabu. Haukusema "pasiwe na upungufu". Wamiliki wengi wa maduka wangependa kuandika hivyo, na ndivyo wanavyojiletea hasara. Ukimpima mtunza stoo kwa upungufu wenyewe, unamfundisha kuuficha. Mifuko mitatu ya saruji ikipungua, ataandika kwenye leja kwamba ilipasuka, au ataacha kuhesabu kona ile hadi mambo yapoe. Miezi sita baadaye karatasi zako ni safi na stoo ina shimo. Ukimpima kwa kuhesabu kwa wakati na kukuambia alichokikuta, upungufu unajulikana ukiwa bado mdogo, wakati risiti za wiki hiyo zipo na watu bado wanakumbuka nani aliingia stoo. Upungufu wenyewe ni habari ya duka zima, kwa sababu anayeusababisha anaweza kuwa mtunza stoo, dereva, mtu wa kaunta au mwenye duka.

Na lile neno "uaminifu" ambalo kila bosi anataka liwepo? Livunje vipande. Kwa mtunza stoo, uaminifu unaonekana kwenye kutokutoa kitu bila risiti na kwenye kutaja tofauti siku ileile. Vyote viwili tayari vimo kwenye mistari yetu. "Bidii" nayo, kwa mpakiaji, inaweza kuwa gari limeshushwa mzigo na mahali pamefagiwa kabla hajaondoka. Neno la tabia ambalo huwezi kulivunja hivyo, liache. Hukulijua vizuri ulipotaka kulipima, na mfanyakazi hatajua afanye nini ili alama yake ipande.

Chini ya jedwali acha nafasi tatu. Ya kwanza inajazwa na mfanyakazi peke yake, kwa mkono wake: ni nini kinachomzuia kufanya kazi vizuri. Ya pili ina sehemu mbili zilizokaa sambamba, yaani mfanyakazi atafanya nini na mwajiri atafanya nini, kila moja na tarehe yake. Ya tatu ni ya sahihi za wote wawili, na juu yake paandikwe waziwazi kwamba kusaini maana yake ni kuiona na kuzungumza, wala hakulazimu kukubaliana na kila kilichoandikwa. Asiyekubali aandike neno lake kabla ya kusaini. Hapo ukurasa umejaa, na fomu imekwisha.

Ugumu uko kwenye ile safu pana ya katikati. Mtu akikaa mwishoni mwa Juni kujaza habari za nusu mwaka, anachokumbuka ni mambo ya Juni, tena yale yaliyomuudhi. Mtunza stoo aliyefanya kazi safi kuanzia Januari halafu akachelewa mara mbili wiki iliyopita anapimwa kwa wiki hiyo. Dawa yake ni daftari dogo. Kila Jumamosi duka likifungwa, andika mstari mmoja au miwili juu ya kila mtu: tarehe, alichofanya, na kilichotokea kwa sababu hiyo. Mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, John Flanagan, alieleza njia ya namna hii mwaka 1954, ya kukusanya matukio halisi ya kazi ambapo mtu alifanya jambo lililosaidia au lililoharibu. Sharti lake ni kuandika tendo na kuacha hukumu. "Mzembe wiki hii" haifai. "Machi 14, lori la saruji, aliona mifuko miwili imepasuka, akaandika kwenye hati kabla ya kusaini, msambazaji ameibadilisha" inafaa, na miezi mitatu baadaye bado itasomeka vilevile. Daftari hili lisiwe la siri. Jambo baya likitokea mwambie mhusika siku hiyo hiyo, na umwambie kuwa umeliandika. Fomu isimletee mtu habari mpya.

Sasa tuijaze, kwa mfano wa duka la mama mmoja na mtunza stoo wake. Siku mbili kabla ya kikao, mama anampa kijana fomu tupu aende nayo nyumbani akajipime mwenyewe. Naye mama anajaza yake akiwa na daftari pembeni. Siku ya kikao wanakaa nyuma ya duka, mbali na kaunta, simu zimezimwa, na kijana anatangulia kusoma yake. Utaratibu huu una maana. Bosi akitangulia, mfanyakazi ataitikia tu "sawa, Mama," na karatasi aliyojaza usiku itabaki mfukoni.

Kwenye kupokea mzigo wote wawili wameandika amefikia, na tukio la Machi 14 lipo kwenye karatasi zote mbili. Wanapita. Kutoa mzigo, vivyo hivyo. Kutunza, mama ameandika amevuka: wakati wa masika kijana aliona maji yanapenya chini ya mlango, akahamisha saruji yote upande wa juu kabla haijalowa, bila kuagizwa. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika amefikia tu, hakufikiri kuwa jambo hilo lina uzito. Saruji ikishanyonya unyevu huwa na madonge, na fundi anairudisha, kwa hiyo lilikuwa na uzito.

Kwenye kuhesabu wanatofautiana. Mama ameandika hajafikia, kwa kuwa hesabu ilirukwa mara mbili, Aprili na Mei. Kijana ameandika amefikia. Hapa ndipo watu hupandishiana sauti, na hapa ndipo daftari linapolipa gharama yake. Wanalifungua. Jumamosi ile ya Aprili mama mwenyewe alimtuma kijana aende na kirikuu kupeleka nondo saiti, akarudi usiku. Ya Mei alifunga stoo mapema bila kusema. Imebaki moja isiyo na sababu, na kiwango kinaruhusu moja. Mama anakata neno lake na kuandika amefikia, na wanaongeza maneno machache kwenye kiwango cha nusu mwaka ujao: akitumwa nje Jumamosi, hesabu ifanyike Jumatatu kabla ya kufungua.

Kwenye mstari huohuo kuna jambo jingine. Mwezi Februari leja ilisema saruji mifuko 212, stoo ikawa na 209. Kijana alitoa taarifa jioni ileile. Ilipochunguzwa, mifuko mitatu ilichukuliwa Jumapili kwenda kwenye nyumba ambayo mama mwenyewe anaijenga, ikasahauliwa kuandikwa. Kwenye nafasi ya vikwazo kijana ameandika sentensi moja: "Funguo za stoo ziko kwa watu watatu." Mama anaisoma kimya, kisha anauliza, "Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?" Kijana anajibu, "Mama, mmoja wao ni wewe." Upande wa mwajiri inaandikwa: funguo zibaki mbili, moja ya mtunza stoo na moja ya akiba ndani ya sefu, na anayechukua chochote Jumapili, hata mwenye duka, asaini daftari la kutolea. Tarehe inawekwa, mwisho wa wiki hiyo.

Mstari wa tano ndio wenye hajafikia ya kweli. Misumari ya bati iliisha mara mbili wakati watu wanaezeka, wateja wakaenda duka la jirani, na waliponunua misumari huko walinunua na mabati. Kijana hakatai. Lakini walipoulizana sababu, ikaonekana kuwa alama ya "ikibaki kiasi hiki niambie" imewekwa kwa saruji na nondo tu. Kwa misumari hakuna aliyewahi kusema ni kiasi gani. Mama ataandika kiwango cha chini cha bidhaa kumi zinazotoka haraka na kukibandika mlangoni mwa stoo kabla ya tarehe 10 Julai. Kijana atapitia bidhaa hizo kila Jumatatu na Alhamisi na kupeleka orodha kaunta. Wataangalia tena mwisho wa Agosti kama kuna bidhaa yoyote kati ya hizo kumi iliyoisha bila taarifa. Nusu saa, dakika arobaini hivi, na kikao kimekwisha. Nakala moja anachukua mfanyakazi.

Mshahara haukutajwa, na usitajwe. Mtu akijua kuwa neno moja kwenye fomu ndilo litakaloamua nyongeza yake, hatakubali kosa lolote wala hatataja kizuizi chochote, maana kila neno litamgharimu. Mazungumzo ya nyongeza yawe na siku yake, mwezi mmoja baadaye au zaidi. Hata hapo fomu ni kitu kimoja tu kati ya vingi, kwa kuwa hali ya mauzo nayo ina sauti.

Wafanyakazi wa serikali ya Tanzania watatambua sehemu ya utaratibu huu. OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi ulioanza kutumika mwaka 2004, ulichukua nafasi ya taarifa za siri ambazo mkubwa aliandika bila mhusika kuziona. Uliwataka mtumishi na msimamizi wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka na wayapitie katikati yake. Mawazo hayo mawili, uwazi na mapitio ya katikati, yanafaa kuazimwa na duka dogo. Wingi wa kurasa si wa kuazima.

Kuna jambo la sheria ambalo mwenye biashara asilipuuze. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri anayemwachisha mtu kazi anatakiwa kuthibitisha kuwa sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki, hata kama ana wafanyakazi wawili tu. Kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, zinaeleza cha kuangalia pale sababu ikiwa ni utendaji duni: je, mfanyakazi alikijua kiwango? Kiwango chenyewe kilikuwa cha kiasi? Kwa nini hakukifikia? Je, alipewa nafasi ya haki ya kujirekebisha? Fomu yenye kiwango kilichoandikwa, mfano wenye tarehe, sababu iliyochunguzwa na siku ya kuangalia tena ina majibu ya maswali hayo manne. Fomu ya alama 2 kila mahali haina hata moja, na mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi haitakusaidia.

Lakini usiitumie kwa kazi isiyo yake. Ukiamini mtu ameiba, hilo ni suala la nidhamu, lina uchunguzi wake na kikao chake cha kusikilizwa, na kuliingiza kwenye mstari wa "kutoa mzigo" kwa maneno ya mafumbo kutaharibu yote mawili. Vilevile fomu moja yenye hajafikia haitoshi kumwachisha mtu kazi. Inatakiwa maelekezo, muda wa kujirekebisha na kikao ambacho mfanyakazi anaruhusiwa kuja na mwenzake. Karatasi zenyewe ziwekwe kwenye faili lililofungiwa, zisiachwe kaunta ambako dereva atasoma habari za mlinzi.

Ipo shida moja ambayo hakuna fomu inayoimaliza, nayo ni ndugu. Maduka yetu mengi yana mpwa, shemeji au mtoto wa jirani aliyeletwa mjini kutafuta kazi. Asipopimwa, wengine wote wataiona fomu kuwa fimbo ya wasio na ndugu. Mpime kwa kiwango kilekile, na kama huwezi kumwambia maneno ya safu ya katikati, mpe mshika fedha au mtu mwingine anayeiona kazi yake aijaze pamoja nawe. Ukishindwa hata hilo, ahirisha zoezi zima hadi uweze.

Usianze na watu wote saba. Anza na kazi moja, ijaze mara moja baada ya miezi mitatu kama majaribio, kisha uitazame safu ya katikati. Mstari ambao wote wawili mlishindwa kuutafutia mfano wenye tarehe ufuteni, au muuandike upya kabla ya kuchapa fomu ya mtu wa pili.